Amana Zinapopishana na Chanzo cha Fedha Kilichoandikwa kwenye Fomu: Dalili, Sababu na Vipimo

Mtu anapofungua akaunti katika benki ya Uganda, fomu humtaka aeleze kazi yake, chanzo cha fedha zitakazoingia na makadirio ya mapato yake kwa mwezi. Sehemu hiyo hujazwa kwa haraka kuliko sehemu nyingine zote: karani anauliza, mteja anajibu kwa neno moja, "biashara" au "mshahara", kisha anataja tarakimu ya kwanza inayomjia. Miezi kadhaa baadaye afisa wa uzingatiaji, mkaguzi wa ndani au afisa wa mikopo huletewa taarifa ya akaunti na kuulizwa kama fedha zilizoingia zinaafikiana na neno lile na tarakimu ile. Sheria ya Kuzuia Utakatishaji wa Fedha ya mwaka 2013 inaitaka benki imfahamu mteja wake na iendelee kuipima miamala yake dhidi ya kile inachokijua kumhusu. Namna ya kuisoma taarifa yenyewe, mstari kwa mstari, ni kazi anayoachiwa afisa aliye mezani.

Mwongozo huu unafuata dalili ambazo afisa huyo huziona kwenye taarifa na sababu zinazoweza kuzizaa, za heri na za shari. Nimekaa zaidi kwa mfanyabiashara wa fedha taslimu, kwa kuwa ndiye anayesumbua. Mfano mkuu ni mnunuzi wa mahindi wa Busia, ambaye hununua kwa wakulima upande wa Uganda na kuuza kwa wafanyabiashara wanaovusha mzigo kwenda Kenya. Tarakimu za mfano nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike kwa urahisi, ila umbo lake ni lile linaloonekana katika akaunti nyingi za mpakani.

Kwanza, ondoa kisicho mapato

Kosa linalozaa wasiwasi wa bure kuliko mengine yote ni kuchukua jumla ya safu ya fedha zilizoingia, iliyochapwa chini ya taarifa, na kuilinganisha moja kwa moja na fomu. Jumla hiyo imebeba vitu vingi ambavyo havikutoka kwenye chanzo chochote kipya: mkopo uliotolewa na benki ileile, fedha ambazo mteja amezihamisha kutoka akaunti yake nyingine au chama chake cha akiba na mikopo, na miamala ya fedha za simu iliyoshindikana kisha ikarudishwa. Muamala uliorudishwa huonekana upande wa kutoka na tena upande wa kuingia kwa kiasi kilekile, mara nyingi siku hiyohiyo, na maelezo yake huwa na neno kama `REVERSAL` au `RVSL`.

Kwa hiyo pakia taarifa kwenye lahajedwali, ongeza safu moja, na kila ingizo ulipe alama ya aina yake: BIASHARA, MSHAHARA, MKOPO, MWENYEWE, MAREJESHO, na HAIJULIKANI. Alama hii ya mwisho uitumie bila aibu, kwa sababu afisa anayelazimisha kila mstari uingie kwenye aina fulani huwa ameshajibu swali kabla ya kuliuliza. Kisha jumlisha kwa mwezi na kwa aina. Ikiwa tarehe ziko safu A, fedha zilizoingia safu E na alama safu G, mauzo ya Julai 2024 hupatikana hivi:

```
=SUMIFS(E:E,G:G,"BIASHARA",A:A,">="&DATE(2024,7,1),A:A,"<"&DATE(2024,8,1))
```

Mkopo usiufute kabisa kwenye kumbukumbu zako. Hauhesabiwi kuwa mapato, lakini namna unavyolipwa ni ushahidi: mkopo wa mwaka mzima unaolipwa wote kwa fedha taslimu baada ya wiki chache unataka kuulizwa fedha hizo zilitoka wapi, hata kama akaunti haina jambo jingine la kushangaza.

Dalili: zilizoingia ni mara nyingi ya kiasi kilichoandikwa

Mnunuzi wetu wa mahindi aliandika kwenye fomu kwamba chanzo cha fedha ni biashara ya nafaka na kwamba mapato yake ni Sh 3,000,000 kwa mwezi. Taarifa ya miezi sita, Juni hadi Novemba 2024, inaonyesha kwamba zimeingia Sh 286,400,000. Ndani yake kuna mkopo wa Sh 30,000,000, uhamisho wa Sh 12,000,000 kutoka chama chake cha akiba na mikopo, na marejesho ya Sh 2,400,000. Tukiviondoa vitatu hivyo, zinabaki Sh 242,000,000. Fomu ilitarajia Sh 18,000,000 kwa miezi sita. Tofauti ni zaidi ya mara kumi na tatu, na mfumo wa kompyuta wa benki ungekwisha kupiga kengele zamani.

Sababu ya kawaida ya tofauti ya namna hii ni kwamba mteja alitaja faida, ilhali taarifa inaonyesha mauzo. Ukimwuliza mwenye duka mapato yake ni kiasi gani, atakutajia kinachobaki mkononi baada ya kununua mzigo, kulipa gari na kulipa wapakiaji, kwa sababu ndicho anachokula. Akaunti haijui kitu hicho. Yenyewe inapokea fedha yote ya mzigo, na katika biashara ya nafaka, ambayo faida yake kwa kilo ni ndogo, fedha ya mzigo ni kubwa mno kuliko faida.

Kipimo chake ni hesabu fupi ambayo mteja mwenyewe anaweza kukupa nusu yake bila kujua unapima nini. Mwulize ananunua kilo kwa bei gani, anauza kwa bei gani, na gharama za njiani ni kiasi gani. Tuseme ananunua kwa Sh 900, anauza kwa Sh 1,020, na magunia, usafiri na upakiaji vinakula Sh 45 kwa kilo. Kinachobaki ni Sh 75. Mauzo ya Sh 242,000,000 kwa bei ya Sh 1,020 ni takriban tani 237, na tani hizo, kwa faida ya Sh 75 kila kilo, zinaleta kama Sh 17,800,000. Fomu ilisema Sh 18,000,000.

Angalia pia kama mzigo wenyewe unawezekana. Tani 237 kwa miezi sita ni kama lori moja la tani tisa kila wiki. Mtu mwenye stoo ndogo na wasaidizi wawili watatu anaweza kuushika mzigo huo. Kama hesabu ingetoa malori matano kwa siku kwa mtu asiye na stoo, ungekuwa umepata tatizo ambalo bei ya kilo haiwezi kulieleza.

Hapa maafisa wengi hufunga faili na kuandika kwamba amana zinaafikiana na chanzo kilichotajwa. Ningewaomba wasubiri. Jumla iliyolingana inaonyesha tu kwamba fedha si nyingi kupita kiasi. Haijasema lolote kuhusu fedha hizo ziliingia lini, mkononi mwa nani, na zilikwenda wapi.

Dalili: jumla inalingana, lakini miezi hailingani

Baada ya kuondoa yasiyo mapato, maingizo ya mnunuzi wetu yamegawanyika hivi: Juni Sh 14,000,000, Julai Sh 46,000,000, Agosti Sh 61,000,000, Septemba Sh 34,000,000, Oktoba Sh 11,000,000, na Novemba Sh 76,000,000.

Mashariki mwa Uganda mahindi huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya kwanza huanza karibu na Juni na kukolea Julai na Agosti. Ya pili huanza mwishoni mwa mwaka na kuvuka hadi Januari. Kwa kalenda hiyo, miezi mitano ya mwanzo inasomeka kama hadithi ya kweli: biashara inaamka Juni, inafika kileleni Agosti, inapungua Septemba, na Oktoba karibu inalala. Novemba ndiyo inayokataa kukaa. Mwanzo wa mavuno ya pili umeleta fedha kuliko kilele cha mavuno ya kwanza.

Sababu za heri zipo. Mteja anaweza kuwa aliweka mzigo stoo tangu Agosti akingoja bei ipande. Hapo utaona Agosti na Septemba fedha zikitoka kwa wingi kuliko zinavyoingia, na mkopo ule wa Sh 30,000,000 ungekuwa na kazi ya kueleweka. Anaweza kupata mnunuzi mpya mkubwa, au kulipwa deni la miezi iliyopita kwa mkupuo. Kila moja ya sababu hizi huacha alama yake upande wa fedha zinazotoka, na ndiyo maana mtu anayesoma upande wa kuingia pekee hawezi kuzitenganisha. Kwa mnunuzi wetu, fedha zilizotoka Agosti na Septemba zinakaribiana na zilizoingia. Hakuna mzigo uliowekwa.

Majira yana faida nyingine kwa mkaguzi anayesoma taarifa za zamani, ambazo sheria inaitaka benki izihifadhi kwa muda usiopungua miaka 10. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na baada ya siku chache ikayaruhusu tena kwa masharti. Mtu anayedai kwamba mwaka ule aliishi kwa kuuza mahindi Kenya, na amana zake za Machi hazikutikisika hata kidogo, anadaiwa maelezo. Huenda anayo, kwa mfano alikuwa na wanunuzi Kampala, lakini lazima ayatoe.

Dalili: maingizo hayafanani na biashara yenyewe

Sasa toka kwenye miezi uingie kwenye mistari. Fedha ya mahindi ya rejareja ina sura yake. Viwango havina mpangilio, kama Sh 3,460,000 au Sh 1,875,000, kwa sababu vinatokana na kilo na bei ya siku. Huingia siku za soko au siku inayofuata. Nyingi hupitia tawi la Busia au kwa wakala aliye karibu na soko, na kwa kuwa mnunuzi wa Kenya hulipa mara nyingi kwa shilingi za Kenya, mteja huzibadilisha kwanza kisha akaweka za Uganda taslimu. Kwa hiyo fedha taslimu nyingi mpakani peke yake si dalili ya lolote. Risiti za duka la kubadilisha fedha zikiwapo, tarehe na viwango vyake vinapaswa kutangulia amana kwa saa chache au siku moja.

Katika Novemba ya mnunuzi wetu kuna mistari mitatu yenye sura tofauti. Tarehe 12, 13 na 14 ziliingia Sh 16,000,000 kila siku, taslimu, kupitia tawi moja la Kampala, na mwekaji ni mtu ambaye jina lake halionekani mahali pengine popote katika taarifa. Kesho yake kila mara kiasi hicho kilihamishwa kwa njia ya kielektroniki, EFT, kwenda akaunti ya mtu mwingine katika benki nyingine, na salio likarudi pale lilipokuwa.

Jumla yake ni Sh 48,000,000. Ukiziondoa, Novemba inabaki na Sh 28,000,000, kiasi kinachofaa kabisa kwa mwanzo wa mavuno ya pili. Mauzo ya miezi sita yanashuka hadi Sh 194,000,000, yaani takriban tani 190, na faida inakuwa kama Sh 14,260,000, au Sh 2,400,000 hivi kwa mwezi. Hizo ni pungufu ya Sh 3,000,000 zilizoandikwa, lakini kwa mtu aliyekadiria kichwani mbele ya karani ni makadirio mazuri. Angalia kilichotokea: hesabu ya jumla ililingana na fomu vizuri zaidi wakati fedha hiyo ngeni ilipokuwa ndani yake. Afisa aliyeishia kwenye jumla angeipitisha Sh 48,000,000 ile akiwa na hati safi mkononi.

Tahadhari moja kuhusu majina. Amana iliyopitia kwa wakala wa benki mara nyingi huchapwa na jina au namba ya wakala, na afisa asiyejua hilo huandika kwamba mteja anawekewa fedha na watu kumi wasiojulikana, kumbe ni yeye mwenyewe amepita kwa mawakala kumi. Kabla ya kulitaja jina kuwa geni, tafuta hati ya kuwekea fedha au kumbukumbu ya muamala kwa wakala, uone nani hasa alisimama pale.

Dalili: viwango vinavyokaa chini kidogo ya Sh 20,000,000

Sheria inataka muamala wa fedha unaofikia vipimo vya sarafu 1,000 utolewe taarifa kwa Mamlaka ya Intelijensia ya Fedha, FIA. Kipimo kimoja ni Sh 20,000, kwa hiyo kiwango ni Sh 20,000,000. Watu wanakijua. Ukiona Sh 19,500,000 leo asubuhi, Sh 19,000,000 leo mchana na Sh 19,800,000 kesho, wazo la kwanza ni kwamba fedha moja imekatwa vipande ili isionekane.

Mara nyingi wazo hilo ni sahihi, lakini zipo sababu nyingine zinazostahili kupimwa kwanza. Wafanyabiashara wengine huweka fedha kila wanapofikisha kiasi fulani, kwa sababu hawathubutu kulala na zaidi ya hapo nyumbani. Wengine hukata vipande kwa hofu ya kodi, baada ya kuambiwa sokoni kwamba ukizidisha milioni ishirini mamlaka ya kodi, URA, inapewa jina lako. Huyu wa pili amekata kweli, na fedha yake inaweza kuwa ya mahindi matupu. Kukata vipande hakumwondolei afisa wajibu wa kutoa taarifa, ila kunabadilisha maelezo atakayoyaandika, kwa sababu kukwepa kodi na kuficha fedha ya mtu mwingine ni mambo mawili.

Kinachotofautisha ni nafasi kati ya amana na ulinganifu wake na mauzo. Anayeogopa wezi huweka baada ya siku za soko, na viwango vyake vinayumba. Aliyekata fedha moja huweka viwango vinavyofanana, kwa siku zilizoshikana, wakati mwingine katika matawi mawili siku moja, na baada ya hapo kuna ukimya mrefu. Sh 16,000,000 tatu za mfano wetu ziko chini ya kiwango, lakini nisingeanzia hapo; kuondoka kwa fedha kesho yake kunasema zaidi.

Dalili: fomu inasema mshahara, na mshahara haukai sawa

Hapa kazi ni nyepesi, kwa sababu mshahara una hesabu yake hadi shilingi ya mwisho. Mteja aliyeandika mshahara wa Sh 1,500,000 hatapokea kiasi hicho. Kodi yake ya mshahara, PAYE, ni Sh 25,000 kujumlisha asilimia 30 ya kinachozidi Sh 410,000, yaani Sh 352,000. Mchango wake wa NSSF wa asilimia 5 ni Sh 75,000. Benki inapaswa kuona Sh 1,073,000. Afisa anayeona Sh 1,073,000 na kuandika kwamba mteja alitia chumvi hajui kusoma hati ya mshahara.

Kuna alama ndogo ambayo wanaotengeneza hati bandia huisahau. Ushuru wa huduma za mitaa hukatwa katika miezi minne ya mwanzo wa mwaka wa fedha, Julai hadi Oktoba. Kwa mtu wa mshahara huu ni Sh 100,000 kwa mwaka, kwa hiyo miezi hiyo anapokea pungufu kidogo, kisha Novemba inarudi Sh 1,073,000. "Mshahara" usiotikisika mwaka mzima unaweza kuwa wa mwajiri mzembe, wala usihukumiwe kwa hilo pekee. Lakini ukiwa haukutikisika, unaingia taslimu, na mwekaji ni mteja mwenyewe, basi omba barua ya mwajiri na kumbukumbu za NSSF, maana mchango uliowekwa kule huonyesha mwajiri na kiasi bila kupitia mkononi mwa mteja.

Kiasi kikipungua ghafla na kubaki pungufu kwa miezi mingi, sababu karibu kila mara ni mkopo unaokatwa kazini. Kikiongezeka kwa mwezi mmoja, ni malimbikizo au marupurupu, na hati ya mshahara ya mwezi huo inamaliza swali.

Dalili: zilizoingia ni kidogo kuliko zilizoandikwa

Dalili hii hupuuzwa kwa kuwa haimtii mtu hofu. Mara nyingi mteja anafanya biashara yake kwa fedha za simu au benki nyingine, na akaunti hii ni ya akiba tu. Wakati mwingine alikuza tarakimu kwa kutazamia mkopo. Jambo la kuangalia ni moja: fomu iliyoandikwa kiasi kikubwa mno humfungulia mteja nafasi, kwa sababu kengele za mfumo hupangwa kwa kufuata kiasi kile, na akaunti iliyoandikwa Sh 60,000,000 kwa mwezi inaweza kupokea fedha ya mtu mwingine kwa muda mrefu bila mlio. Rekebisha tarakimu ya fomu kwa yale uliyoyaona.

Kumwuliza mteja

Turudi kwa Sh 48,000,000. Benki ina haki ya kumwuliza mteja kuhusu akaunti yake, na swali zuri halitaji shaka: "Mama, tunasasisha kumbukumbu za wateja wetu. Biashara imekwendaje msimu huu, na hizi fedha zilizoingia Novemba kupitia Kampala zilikuwa za mzigo gani?" Mwache aeleze mwenyewe. Usimpe majibu ya kuchagua, kwa sababu ukimwuliza kama ni shamba lililouzwa, litakuwa shamba.

Tuseme anajibu kwamba mnunuzi wa Kampala alimlipa malipo ya mbele ya mahindi. Hilo linawezekana, na linapimika. Malipo ya mbele hutumika kununua mzigo, kwa hiyo baada ya tarehe 14 tungeona fedha zikitolewa kidogo kidogo Busia au zikitumwa kwa simu kwa wakusanyaji wa vijijini. Badala yake zilihamia zote katika akaunti moja ya benki nyingine. Sh 48,000,000 kwa bei ya Sh 1,020 ni tani 47, yaani malori matano, na malori matano huacha tiketi za mizani, hati za kupokelea mzigo na stakabadhi za usafiri. Ikiwa mwenye akaunti ile ya pili ni msambazaji wa mahindi, kutakuwa na miamala naye kabla na baada. Kama hayupo mahali popote isipokuwa siku hizo tatu, maelezo hayajasimama.

Angesema ameuza kiwanja, ungeomba mkataba wa mauzo na uthibitisho wa ushuru wa stempu uliolipwa URA, kisha ungelinganisha jina la mnunuzi kwenye mkataba na jina la aliyeweka fedha. Angesema ni fedha za ndugu aliyemwomba "amsaidie kupitishia", angekuwa amejibu swali, na jibu lake ni kwamba chanzo kilichoandikwa kwenye fomu hakihusiani na fedha hizi. Watu husema hivyo waziwazi kuliko unavyodhani, kwa kuwa kumpitishia ndugu fedha kwao ni wema, na hakuna aliyewaeleza hatari yake.

Shaka ikishakaa, mazungumzo na mteja kuhusu jambo hilo yanakoma. Afisa humpelekea afisa wa udhibiti wa utakatishaji wa fedha wa benki yake maelezo yake, na huyo ndiye anayeamua na kutuma taarifa FIA. Kumdokeza mteja, au hata mwenzake wa mteja, kwamba taarifa imetumwa ni kosa la jinai. Hata kauli ya kumhurumia, ya "mama, afadhali uache kupokea fedha za watu", ikitolewa baada ya taarifa kutumwa inaweza kuwa ndiyo dokezo lenyewe.

Kinachoandikwa kwenye faili

Maelezo yatakayosomwa na mtu mwingine baada ya miaka kadhaa yanahitaji hesabu pamoja na hitimisho. Andika jumla ya awali, kila kilichoondolewa na sababu yake, bei za kilo ulizozitumia na aliyekupa, mgawanyo wa miezi, na mistari iliyobaki na alama ya HAIJULIKANI. Kwa mnunuzi wetu faili linasema mambo mawili tofauti na yasichanganywe: Sh 194,000,000 zinaelezeka kwa biashara ya mahindi iliyotajwa kwenye fomu, na Sh 48,000,000 hazielezeki nayo. La kwanza linamlinda mteja dhidi ya afisa ajaye atakayeshtushwa na jumla ileile, na linatosha kusasisha fomu: mauzo yanayotarajiwa yaandikwe kwa msimu, kama Sh 60,000,000 katika mwezi wa kilele na Sh 15,000,000 katika mwezi wa ukame, na faida iandikwe pembeni, kila moja kwa jina lake. Kengele za mfumo zipangwe upya kwa kufuata mauzo hayo. La pili linakwenda njia yake kwa afisa wa udhibiti, katika hati ya pekee, ambayo nakala yake haiwekwi kwenye faili la tawi ambalo kila karani anaweza kulifungua.